Mkono wa Tatu kwenye Picha

Kila asubuhi Wanjugu aliapa kwamba hatautazama ule ubao, na kila asubuhi akautazama.

Ubao wenyewe ulitundikwa nje ya duka la jumla la mzee Dharmesh, pale Nakuru mjini, kando ya mlango ambapo hata kipofu angejikwaa juu yake. Ulijaa picha zilizobanwa kwa pini za rangi. Katika kila picha alisimama mama au baba wa mashambani kando ya vitu alivyotumiwa na mtoto wake aliye ng'ambo: blanketi nzito, bale ya unga, mtungi wa mafuta, chupa ya chai yenye maua. Wote walikuwa wanacheka. Chini ya kila picha paliandikwa mahali: Njoro, Elburgon, Subukia, Longonot. Wanjugu hakuwa mtu wa kusoma sana. Darasa la pili lilimtosha. Lakini zile sura alizisoma zote bila miwani.

Yule mzee wa Njoro alikuwa wangu, alijiambia. Yule mama wa Subukia mwenye kofia ya sufu, wangu. Huyu wa Elburgon mwenye jicho moja nilimpelekea godoro mgongoni mwangu kwenye matope mpaka magoti, na leo anamchekea nani?

Alikuwa anamchekea Karishma, mke wa mtoto wa Dharmesh, kwa sababu Karishma ndiye mwenye kamera.

Sasa, mjue kwamba kabla Karishma hajaolewa na kuja Nakuru kutoka Kisumu, kazi ile haikuwa na mwingine. Ilikuwa ya Wanjugu. Alianza na kibanda cha sufuria sokoni. Siku moja kijana anayeitwa Jonah akampigia simu kutoka Uingereza. Babake Jonah, mzee Kipketer wa Rongai, alikuwa analala kwenye kitanda cha kamba. Jonah alishatuma pesa ya godoro mara mbili kwa binamu yake, na mara mbili binamu akanunua vya kwake. Tangu siku hiyo binamu alikuwa na redio nzuri na Kipketer alikuwa na mgongo mbaya.

"Mama," Jonah akasema, "nataka mtu ambaye si wa ukoo. Nikutumie pesa, ununue godoro, umpelekee mwenyewe. Lakini nitajuaje limefika?"

Wanjugu alifikiri kidogo. Kuandika hakuweza vizuri, na saini ya mzee Kipketer ni alama ya kidole, na kidole ni kidole, nani atajua ni cha nani. Akasema, "Nipe swali. Swali la nyumbani kwenu, ambalo jibu lake analijua babako peke yake. Nitakuletea jibu."

Jonah akauliza mbwa wao wa zamani alikufaje. Wanjugu akaenda na godoro, akarudi na jibu: mbwa hakufa, aliibiwa na mzungu wa reli. Jonah alicheka kwenye simu mpaka akalia, na baada ya hapo akawaambia wenzake wote.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka minane. Mtu wa ng'ambo anatuma pesa, Wanjugu anaichukua mjini, ananunua vitu kwa Dharmesh kwa bei ya jumla, anaweka faida yake ndogo, anapeleka, anauliza swali, anarudi na jibu kichwani. Halafu anamflashi yule wa ng'ambo, simu ilie mara moja akate, naye anampigia. Hakuwahi kusahau jibu hata moja. Hakuwahi kupeleka kilo pungufu. Alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto.

Na hapo dukani, akisubiri bale zake zifungwe, alikuwa akisimulia. Alisimulia kwa sauti. Karishma akiwa nyuma ya meza, bibi harusi mpya na bangili zake, alikuwa anasikiliza kila kitu na kuuliza, "Halafu mama akasema nini, Shosho?"

"Mimi si shosho yako, sijazaa mzazi wako," Wanjugu alikuwa akimjibu, lakini anasimulia tu. Hilo ndilo lililomchoma baadaye. Kwamba alimfundisha mwenyewe, tena bure.

Karishma hakuiga swali. Alikuja na yake. Alikuwa na pikapu ya duka, kitabu cha kupokelea mizigo chenye nakala mbili, na kamera ndogo ya kisasa isiyotumia filamu. Dereva akishusha mzigo, Karishma anamwita mwenye nyumba, naye anaweka saini au kidole kwenye kitabu, anasimama na vitu, paah, picha. Kabla jua halijatua picha imeshatumwa kwa kompyuta mpaka Amerika. Na nakala nyingine inabanwa ubaoni, ili apitaye aone. Apitaye akiwa Wanjugu, mara mbili kwa siku.

"Hata maiti inaweza kupigwa picha na bale ya unga," Wanjugu aliwaambia wanawake wa sokoni. "Maiti haiwezi kujibu swali."

Wanawake wakacheka, lakini mmoja akasema, "Lakini Mama Wanjugu, mimi binti yangu akinitumia kitu ningependa anione." Na Wanjugu hakumwongelesha huyo wiki nzima.

Hata hivyo walibaki watu wake kiasi. Mkubwa wao alikuwa Jeff, kijana wa Molo aliyekuwa katika mji wa Lowell huko Amerika, akifanya kazi ya kuwaosha wazee. Jeff ndiye aliyeongoza kikundi cha kanisa cha Wakenya wa huko, familia ishirini na tatu, na Jeff akiagiza kwa mtu, ishirini na tatu wanaagiza kwa mtu huyo. Mwenye Jeff alikuwa na mizigo ya Krismasi na ya Pasaka.

Ikaja Januari ya 2008 na vurugu za baada ya uchaguzi. Kule kwa kina Jeff nyumba zilichomwa. Mama Jeff alikimbia na waliokimbia, akaenda akaishia Mai Mahiu, chini ya mteremko, kwenye chumba cha mabati cha kukodi nyuma ya mafundi wa magurudumu ya malori. Simu yake ilipotea njiani. Jirani yake, mwanamke anayeitwa Nyokabi, alikuwa na simu, lakini kila Jeff alipopiga Nyokabi alisema, "Mama ametoka. Mama yuko shambani. Mama amelala." Miezi ikaenda hivyo. Jeff akaanza kuwaza mambo ambayo mtoto hapaswi kuwaza.

Mwezi wa tano akampigia Wanjugu.

"Mama, usikasirike," akasema. "Jibu halinitoshi sasa. Nataka kumwona kwa macho. Huyu mhindi wa pale mjini anapiga picha. Hii mara nitaagiza kwake."

"Anaitwa Karishma," Wanjugu akasema. Hakujua ni kwa nini alisema hivyo. Alikata simu, akakaa juu ya bale ya mtu mwingine, akasikia kifua chake kikiwaka kama amekunywa chai ya moto kwa haraka. Hakulia. Wanjugu hulia kwa vitunguu tu.

Siku ya nne pikapu ya Karishma ikatoka na blanketi mbili, bale ya unga, mafuta, sukari na chupa ya chai. Siku ya tano kulikuwa na picha mpya ubaoni, na chini yake imeandikwa Mai Mahiu. Wanjugu aliapa hatautazama. Alitazama. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cha manjano alikuwa amekumbatia blanketi, anacheka meno yote.

Wanjugu akasimama pale mpaka mtu wa mkokoteni akamwambia, "Mathe, njia." Aliwahi kumpelekea Mama Jeff vitu mara kumi na moja. Mama Jeff ni mwembamba kama fito, na mkono wake wa kushoto una kidole kidogo nusu. Huyu wa kwenye picha si Mama Jeff. Huyu si Mama Jeff hata akioshwa.

Furaha aliyoipata hapo ni aibu kuisema. Alitembea sokoni kama msichana. Hakumwambia mtu. Alingoja.

Hakungoja sana. Mchana huohuo simu ikalia.

"Mama Wanjugu," Jeff alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Ni nani huyu amebeba blanketi ya mama yangu?"

"Nami nimeiona," akasema Wanjugu.

"Mama yuko hai? Nijibu tu."

"Sijui. Nitaenda kesho."

"Nenda. Chukua swali. Muulize yule ng'ombe aliyemkata kidole kwa kamba aliitwa nani." Akaongeza: "Na kama huyo mhindi amenidanganya, amekula vitu akapiga picha ya mtu wa barabarani, niambie. Kanisa lote tutarudi kwako. Hakuna atakayemgusa tena."

Wanjugu alikaa na maneno hayo usiku kucha kama mtu aliyepewa nyama. Kanisa lote. Familia ishirini na tatu. Na ule ubao ungeondolewa.

Kesho yake asubuhi, saa nne, alikuwa Mai Mahiu. Malori yalijipanga barabarani, vumbi kila mahali, mafundi wakipiga vyuma. Aliuliza Mama Jeff, na mtoto akamwelekeza kwenye mlango wa mabati. Aliyefungua alikuwa yule mwanamke mnene wa picha, na kitambaa cha manjano kile kile.

"Wewe ndiye Mama Jeff?" Wanjugu akauliza, na alikuwa ameshainua kidole cha kumsuta.

Mwanamke akatazama chini. "Mimi ni Nyokabi."

"Na blanketi ziko wapi?"

"Ingia tu, mama. Utamaliza kelele ukiwa ndani."

Ndani palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda palikuwa na zile blanketi mbili mpya. Bale ya unga ilisimama kwenye kona, imefunguliwa, pakiti mbili tu zimetumika. Sukari ilikuwepo. Mafuta yalikuwepo. Chupa ya chai ilikuwa mezani. Wanjugu alihesabu vyote kwa macho, na kila alichokihesabu kilimchoma. Vyote vilikuwa vimefika.

Na kwenye kona ya kitanda, amejifunika kanga mpaka puani, alikaa Mama Jeff.

"Wanjugu," akasema. Lakini jina lilitoka na mluzi ndani yake.

Akashusha kanga. Meno ya mbele hayakuwepo, ya juu wala ya chini, na mdomo ulikuwa na kovu lililouvuta upande. Usiku ule wa kukimbia alisukumwa akaanguka kutoka kwenye lori lililojaa watu, uso ukagonga bodi lake.

Wanjugu akaketi kwenye kigoda. "Ndiyo maana huongei na simu."

"Nikiongea atasikia. Nikipigwa picha ataona." Mama Jeff alisema polepole, akichagua maneno yasiyo na mluzi. "Makaratasi yake ya huko bado. Akitoka sasa hawezi kurudi. Na ninamjua yule mtoto. Akiniona hivi, kesho yuko kwenye ndege, na kila kitu alichokifanya miaka saba kimeisha. Kwa ajili ya meno."

"Kwa hiyo msichana wa kihindi alipokuja na kamera..."

"Nilimwambia Nyokabi atoke. Yule msichana aliita tu, Mama Jeff, Mama Jeff. Nyokabi akasema ni mimi. Angejuaje? Hajawahi kuniona."

"Alikuwa na heshima sana," Nyokabi akaongeza. "Alinifuta hata unga shavuni kabla ya kupiga."

"Nani alikuuliza?" Wanjugu akasema.

Akageukia mlango. Nje fundi alikuwa anapiga gurudumu kwa nyundo, na kila pigo lilimpa nafasi ya kuwaza. Hapa mbele yake kulikuwa na kila kitu alichokiomba. Hakuhitaji hata kudanganya. Angesema tu, Jeff, yule kwenye picha si mama yako, nimeona kwa macho yangu. Huo ni ukweli. Angenyamaza kuhusu blanketi. Na kunyamaza kungeitwa kutunza siri ya mwanamke mwenzake. Nani angemlaumu?

Karishma angejitetea kwa kitu gani? Kwa picha?

"Amekupa swali?" Mama Jeff akauliza.

"Anauliza ng'ombe aliyekukata kidole kwa kamba aliitwa nani."

Mama Jeff alicheka, kisha akafunika mdomo haraka. "Ananitega huyo. Hakuwa ng'ombe. Alikuwa punda wa Gachanja, na hakuwa na jina, alikuwa anaitwa punda. Mwambie aache kunichezea."

Wanjugu akalishika jibu lile kichwani, mahali pake, kando ya mengine yote ya miaka minane. Na alipolishika akajua kwamba hawezi. Si kwa ajili ya Karishma, hapana, huyo angeweza kuanguka na kamera yake mpaka ziwani. Ni kwamba jibu likipelekwa, linasema mzigo umefika. Hilo ndilo ambalo jibu lilikuwa limesema siku zote. Akilipeleka huku anasema mzigo haujafika, basi jibu si kitu tena, na mzee Kipketer na godoro lake, na mama wa Subukia, na wote wale, ilikuwa kazi bure. Wanjugu hasemi mzigo haujafika kama umefika. Hata kama umefikishwa na mwizi wa biashara yake.

Alikasirika sana kugundua hivyo.

"Lete mikono," akamwambia Mama Jeff.

"Ya nini?"

"Lete tu." Aliishika akaigeuza. Kidole kidogo nusu, mkono wa kushoto. Alama ya kuungua ya sufuria kwenye kiganja. Mtoto aliyelishwa na mikono hii hawezi kuikosea. "Utapigwa picha ya mikono. Uso ni wako, kaa nao. Mikono ni ya Jeff."

Mama Jeff akafikiri. "Na kamera?"

Hapo ndipo Wanjugu alipofunga macho kidogo, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Jioni ileile alikuwa mbele ya meza ya Karishma. Karishma alikuwa anapanga risiti, na alipomwona akainuka.

"Shosho, sasa?"

"Mimi si shosho yako. Picha yako ya Mai Mahiu ni ya jirani."

Karishma rangi ikamtoka. Akatafuta picha, akaitazama, akaweka mkono mdomoni. "Nilimuuliza. Alisema ndiye. Aliweka hata kidole kwenye kitabu. Jeff anajua?"

"Anajua ni mtu mwingine. Anadhani umekula vitu vyake. Kanisa lote linakuhama, familia ishirini na tatu." Wanjugu aliacha maneno hayo yakae mezani, akayaonja. Hakuyaharakisha. Alistahili hayo, walau dakika moja. "Lakini vitu vimefika. Nimeviona."

"Umemwambia?"

"Bado."

Dharmesh, aliyekuwa anakunywa chai kwenye kiti chake cha siku zote, alishusha kikombe. "Wanjugu, miaka ishirini unanunua hapa. Unataka nini?"

"Kwanza, aache kuniita Shosho."

"Na pili?"

"Pili, pikapu kesho asubuhi. Nitakaa mbele."

Alikaa mbele. Kutoka Nakuru mpaka wanapita vibanda vya nyama choma vya Kikopey hakusema neno, na Karishma alijaribu mara tatu akakata tamaa. Baada ya Gilgil akauliza, "Mama Wanjugu, hayo maswali, unauliza vipi bila mtu kuudhika?"

"Somo la kwanza nilikwisha kukufundisha bure," akajibu. "La pili sitoi."

Huko Mai Mahiu, Karishma hakuuliza juu ya uso, na Wanjugu aliona hivyo, akaona ni adabu, akaumia kuona ana adabu. Mama Jeff alikaa na kanga yake, akaweka mikono miwili juu ya blanketi, kidole nusu kikionekana. Karishma akainama karibu. Mama Jeff akamwambia, na mluzi wake wote, "Asante mwanangu, umesumbuka kurudi." Akamtolea mayai sita yaliyofungwa kwenye gazeti.

Mara kumi na moja Wanjugu alimpelekea vitu kule Molo. Mara kumi na moja hakupewa yai.

"Tulieni msitikisike," Karishma akasema, na akapiga.

Mchana uliofuata Wanjugu alimflashi Jeff, na Jeff akapiga kabla simu haijatulia.

"Jibu," akasema Jeff.

"Alikuwa punda. Wa Gachanja. Na hakuwa na jina, na mama yako anasema uache kumchezea."

Kikasikika kicheko chenye machozi. "Ndiye. Ni yeye."

"Vitu vilifika vyote. Yule wa kwanza ni jirani, mama yako hataki uso wake upigwe, na usiniulize zaidi. Msichana hakukula kitu." Maneno hayo ya mwisho yalimtoka kama mwiba. "Ametuma picha ya pili. Tazama."

Alimsikia Jeff akipumua, akifungua kompyuta yake huko mbali. "Ni mikono yake," akasema taratibu. "Ile alama ya sufuria. Ni yake." Baadaye akasema kwamba kanisa litabaki kwa Karishma, kwa kuwa picha watu wanazipenda, lakini hakuna mzigo utakaoitwa umefika bila jibu la Wanjugu, na Karishma atamlipa kwa kila jibu. Nusu ya kazi. Si alichokitaka. Alikubali kwa kukohoa.

"Lakini Mama Wanjugu," Jeff akasema, "naona mikono mitatu. Miwili ni ya mama. Huu wa tatu hapa pembeni, umeshika kona ya blanketi, ni wa nani?"

"Wangu," akasema Wanjugu. "Nimeuweka ili ujue nani alifika."

Na kesho yake asubuhi, alipopita mbele ya duka la Dharmesh, hakuapa kitu. Alisimama moja kwa moja mbele ya ubao, akatafuta picha mpya ya Mai Mahiu, ile ya mikono, akachomoa pini, akaishusha chini kidogo mpaka ikawa mahali ambapo mtu mfupi angeona mkono wa tatu vizuri.